Jibu Liko Dakika ya 31: Kichwa na Maelezo ya Kipindi cha Podikasti

Mkulima aliyepeleka mahindi yake soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, akaambiwa hayajakauka vizuri, hana shida na historia ya mtaalamu yeyote wa kilimo. Anataka kujua jambo moja: akiwa nyumbani, bila mashine, atatambuaje kwamba mahindi yamekauka kiasi cha kutiwa kwenye magunia? Tuseme jibu lake limekwisha kutolewa, tena kwa ufasaha, katika podikasti moja ya Kiswahili, dakika ya 31 ya mahojiano ya dakika 58. Kipindi hicho kimepewa kichwa "EP 47: Mazungumzo na Mtaalamu wa Nafaka". Chini yake kuna mstari mmoja: "Usikose mazungumzo haya mazuri." Mkulima wetu hatakipata, hata akitafuta usiku kucha.

Hatakipata kwa sababu anayetafuta huandika maneno, na maneno hayo hulinganishwa na maandishi yaliyoambatana na sauti. Kwenye Apple Podcasts, jina la podikasti, jina la mwenye podikasti na kichwa cha kipindi ndivyo vyenye uzito. Kwenye Spotify na YouTube maelezo nayo husaidia. Apple ilipoanza kutoa maandishi ya kila kinachosemwa kwenye vipindi, mwaka 2024, ilianza na Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kijerumani. Anayetangaza kwa Kiswahili asiweke matumaini kwamba mashine itamsikilizia kipindi chake. Kisichoandikwa ni kama hakikusemwa.

Basi tukirekebishe kipindi hicho, tukianza na kichwa.

Namba "EP 47" iondoke. Apple yenyewe inawaelekeza watayarishaji wasiweke namba ya kipindi ndani ya kichwa, kwa kuwa ina nafasi yake maalumu katika mlisho wa RSS, ambao ni faili linalopeleka taarifa za podikasti kwenye programu zote za kusikilizia. Huduma nyingi za kupandishia podikasti zina kisanduku cha kujazia namba hiyo, na kikijazwa, mlisho huandikwa hivi:

```
<title>Kupima unyevu wa mahindi kwa chumvi na chupa</title>
<itunes:episode>47</itunes:episode>
```

Kichwa hicho kipya kina herufi 44 ukihesabu na nafasi. Kwenye simu ndogo, vichwa virefu hukatwa na kumaliziwa kwa nukta tatu, kwa hiyo neno analolitafuta msikilizaji lazima liwe mwanzoni. "Mazungumzo na" hula nafasi hiyo bure. Jina la mgeni likae mwishoni, isipokuwa kama mgeni ni mtu ambaye watu humtafuta kwa jina lake.

Hapa ndipo watayarishaji wengi husita. Mgeni alizungumzia mengi: sumukuvu, mifuko isiyopitisha hewa, bei, masomo yake ya chuo. Mtu anaona vibaya kuyaacha, anayapanga yote kwenye kichwa kwa mikato. Nawasihi wasifanye hivyo. Kichwa chenye mada tano hakimwambii mtafutaji kwamba kipindi kimejibu swali lake. Kinamwambia limeguswa tu. Apple nayo huonya dhidi ya kurundika maneno ili kuvuta utafutaji, na podikasti inaweza kuondolewa kwa kosa hilo. Chagua swali moja ambalo mgeni alilijibu kwa ukamilifu, mengine yaende kwenye maelezo. Kama mada mbili zina uzito sawa, kata mahojiano yawe vipindi viwili.

Maelezo ya kipindi yana kazi mbili. Sentensi mbili za kwanza ndizo zinazoonekana kabla msikilizaji hajabonyeza kusoma zaidi, hivyo ziseme jibu linahusu nini hasa. Kwa mfano: "Mahindi yenye unyevu mwingi huota ukungu ghalani na yanaweza kuingiwa na sumukuvu, yaani aflatoksini. Mtaalamu wa hifadhi ya nafaka anaeleza namna ya kutikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka." Wapo wanaoogopa kwamba msomaji akishapata jibu hatasikiliza. Mimi naona kinyume chake. Akishaona kwamba ndicho alichokuwa akikitafuta, atataka kusikia chumvi iwe kiasi gani, asubiri muda gani, na kwa nini chupa yenye unyevu humdanganya.

Angalia pia jinsi sentensi hizo zilivyobeba maneno ya watu mbalimbali. Mkulima ataandika "mahindi kuota ukungu". Ofisa ugani wa Tanzania ataandika "sumukuvu". Aliyezoea habari za Kenya, ambako mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100 mwaka 2004, ataandika "aflatoksini". Wote wamekutana ndani ya sentensi za kawaida, bila orodha ya maneno iliyobandikwa chini.

Kazi ya pili ni kumfikisha msikilizaji kwenye dakika yake:

```
00:00 Mgeni na kazi yake
06:40 Sumukuvu huingiaje kwenye mahindi?
18:15 Kukaushia juani: turubai au ardhi tupu?
31:05 Kupima unyevu kwa chumvi na chupa
44:30 Mifuko isiyopitisha hewa
```

YouTube hugeuza orodha ya namna hii kuwa sura za kubonyeza, ili mradi ianze na 00:00, iwe na alama zisizopungua tatu kwa mfuatano, na kila sura ifike sekunde 10. Spotify nayo huzifanya dakika zilizoandikwa kwenye maelezo zibonyezeke. Alama iwekwe pale swali linapoanza kuulizwa. Ukiiweka pale jibu linapoanza, msikilizaji ataingia katikati ya sentensi asijue kinachozungumzwa.

Kuna hitilafu moja ambayo huharibu kazi hii yote kimyakimya: matangazo yanayochomekwa na mtambo wakati msikilizaji anapopakua kipindi. Tangazo la dakika moja mwanzoni husukuma kila kitu mbele, na 31:05 inamwangusha mtu mwishoni mwa mada iliyotangulia. Tena mwingine hupewa matangazo mawili, mwingine halipati hata moja, kwa hiyo kurekebisha orodha hakusaidii. Dawa ni kuyaweka matangazo hayo mwisho wa kipindi, au kuyarekodi ndani ya kipindi chenyewe kabla ya kupiga hesabu ya dakika. Ili kujua kama tatizo lipo, fungua kipindi kilichokwisha kuchapishwa kwenye simu mbili tofauti, ubonyeze alama tatu, na usikilize kama unaangukia swali.

Siku moja au mbili baada ya kuchapisha, tafuta kipindi chako kama mgeni. Tumia simu ya mtu asiyekufuata, maana programu huwapendelea wale unaowasikiliza tayari. Andika "kupima unyevu wa mahindi", kisha "mahindi kuota ukungu", na usiandike jina la podikasti. Kama kinatokea kwa maneno ya kwanza tu, yale ya pili hayamo kwenye kichwa, au programu hiyo haisomi maelezo.

Vipindi vya zamani navyo vinaweza kupewa vichwa vipya. Badilisha kichwa na maelezo kwa kuhariri kipindi kilekile. Usikifute na kukipandisha upya, kwa sababu kila kipindi kina kitambulisho chake kwenye mlisho, kinachoitwa `guid`, na kikibadilika programu hukihesabu kuwa kipindi kipya na kuwaletea wasikilizaji wako mara ya pili. Aliyekwisha kukipakua anaweza kuendelea kuona kichwa cha zamani, na hilo halina madhara. Anza na vile ambavyo watu hukuandikia kuuliza, "Yule mgeni aliyezungumzia jambo fulani alikuwa kipindi gani?" Maneno waliyotumia kuuliza ndiyo ya kuweka kwenye kichwa.