Chaja Inayochaji Polepole au Kupata Joto: Namna ya Kutambua Ubovu Ulipo

Katika vijiji vyetu vya pwani, simu inapoanza kuchaji polepole, jambo la kwanza linalofanywa na wengi ni kununua chaja mpya. Ikiwa hali haikubadilika, hununuliwa nyingine, na baadaye simu yenyewe hulaumiwa ikawekwa kando. Fedha nyingi hupotea kwa njia hiyo, kwa kuwa mwenye simu hubadilisha kifaa kabla hajajua kilichoharibika. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile ya chaja inayopata moto usiku, ikiwa imechomekwa karibu na godoro au pazia huku watu wamelala.

Umeme hupita mahali pane kabla ya kuingia katika betri: soketi ya ukutani, kichwa cha chaja, waya, na tundu la chaji la simu. Ubovu wa mahali pamoja hufanana sana na ubovu wa pengine. Ndiyo maana kuangalia kwa macho hakutoshi. Inapasa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vingine vikibaki vilevile, na kupima matokeo.

Kabla ya kupima, soma maandishi madogo yaliyo juu ya kichwa cha chaja. Mstari unaoanza na neno `INPUT` unahusu umeme wa ukutani, na mara nyingi husomeka `100-240V`. Hapa kwetu umeme wa gridi ni volti 230, kwa hiyo chaja hiyo inafaa. Mstari wa `OUTPUT` ndio unaoeleza kiasi kinachokwenda kwenye simu. Ikiwa umeandikwa `5V 1A`, zidisha 5 kwa 1 upate wati 5. Ikiwa ni `5V 2A`, ni wati 10. Simu nyingi za sasa zina betri ya `5000 mAh`, na betri kama hiyo ikichajiwa kwa wati 5 huchukua muda unaokaribia saa tano au kuzidi hapo. Mwenye simu hiyo akilalamika kwamba chaja yake ni mbovu, atakuwa ameionea; ni ndogo tu. Vivyo hivyo, simu yenye uwezo wa kuchaji kwa kasi hurudi kwenye mwendo wa kawaida inapopewa kichwa au waya usiolingana nayo. Huo nao si ubovu.

Sasa tuchukue mfano wa mama mmoja anayeuza dagaa Kipumbwi. Simu yake ina betri ya `5000 mAh`, na chaja yake imeandikwa `5V 2A`. Zamani ilijaa kwa muda wa saa tatu hivi. Siku hizi huichomeka baada ya swala ya isha, na alfajiri huikuta haijajaa. Amekwisha kununua chaja mbili, na zote hazikumfaa.

Kipimo chake ni nusu saa. Aanze simu ikiwa kati ya asilimia 20 na 60, kwa sababu betri inapokaribia kujaa simu yenyewe hupunguza mwendo wa kupokea umeme. Azime kioo, asiitumie, aandike asilimia ya mwanzo, kisha asome tena baada ya dakika 30. Kwa wati 10, simu ya namna hiyo inapaswa kuongezeka kwa asilimia 18 hadi 20. Yake imeongezeka kwa 4 tu.

Mara ya pili abakize kichwa chake, aazime waya wa jirani unaojulikana kuwa mzima. Simu inaongezeka kwa asilimia 5. Tofauti ni ndogo mno, basi waya wake si mkosaji mkuu. Mara ya tatu achukue kichwa chake na waya wake vilevile, avichomeke kwenye simu ya jirani yenye betri ya ukubwa ule ule. Simu ya jirani inapanda kwa asilimia 19. Hapo jibu limepatikana: kichwa ni kizima, waya ni mzima, na ubovu uko upande wa simu, na zaidi ya yote katika tundu la chaji. Chaja zile mbili alizonunua hazikuwa na kosa.

Laiti kipimo cha pili ndicho kingalileta asilimia 19, waya wake ndio ungalikuwa mbovu. Waya huharibika zaidi kuliko kichwa, hasa shingoni, pale unapokutana na plagi ndogo, kwa sababu hukunjwa hapo kila siku. Nyuzi za ndani hukatika moja baada ya nyingine, na umeme wote hulazimika kupita katika chache zilizobaki. Nyaya za bei rahisi huwa na nyuzi chache tangu dukani. Waya wenye ukinzani wa nusu omu, ukipitisha ampia 2, hupoteza volti 1 njiani: volti 5 zinatoka kwenye kichwa, volti 4 zinafika kwenye simu. Simu hutambua upungufu huo, ikapunguza yenyewe kiasi inachovuta. Volti ile iliyopotea hugeuka kuwa joto, na ndiyo sababu waya dhaifu huonekana kuwa vuguvugu katika urefu wake wote. Ikiwa joto liko shingoni peke yake, au chaji hukatika na kurudi shingo inapokunjwa, nyuzi zimekatika hapo. Gundi na karatasi ya nailoni havirudishi nyuzi. Waya huo uachwe.

Turudi kwenye tundu la mama wa Kipumbwi. Kwetu pwani tundu la simu lina maadui wawili. Wa kwanza ni vumbi la nguo na mchanga unaoshindiliwa ndani kila plagi inapoingizwa, mpaka plagi isifike mwisho. Dalili yake ni kwamba kila waya, hata mpya, hulegea na kuchomoka kwa urahisi. Ikiwa waya mmoja tu ndio unaolegea na mingine inashika vizuri, tatizo ni la waya ule. Adui wa pili ni chumvi. Mkono wenye maji ya bahari, au hewa ya ufukweni iliyojaa unyevu, huacha chumvi juu ya pini ndogo zilizomo tunduni. Simu ikichomekwa wakati kuna unyevu huo, umeme hupita kati ya pini na pini kupitia maji ya chumvi, na kuila pini yenye volti kwa haraka sana kuliko kutu ya kawaida. Ukimulika kwa tochi utaona doa la kijani au jeusi.

Usafi wa tundu ufanywe simu ikiwa imezimwa kabisa na haikuchomekwa popote. Tumia kijiti cha meno cha mti, kilichochongwa kiwe bapa, ukikwangua taratibu kwenye kona na kutoa uchafu nje. Sindano na pini ya nguo hazifai, maana huchuna na kupinda pini za tundu. Kupuliza kwa mdomo nako hakusaidii, kwa kuwa pumzi ina unyevu. Simu iliyolowa, au inayoonyesha alama ya tone la maji kwenye kioo, isichajiwe mpaka ikauke kabisa. Iachwe kivulini mahali penye upepo, tundu likielekezwa chini. Isianikwe juani wala kuwekwa karibu na jiko.

Baada ya kusafisha, mama yule apime tena. Tuseme amepata asilimia 12 kwa nusu saa, na shingo ya plagi bado ni ya moto akiigusa. Maana yake uchafu ulikuwa sehemu ya tatizo, lakini pini zimekwisha kuliwa, na pale zinapogusana na plagi ukinzani umekuwa mkubwa. Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza. Kwa simu nyingi tundu hukaa kwenye kibao kidogo cha pekee kinachoweza kubadilishwa. Kwa nyingine limeunganishwa kwa risasi kwenye kibao kikuu, na kazi yake ni ngumu zaidi. Ni haki ya mteja kumuuliza fundi yake ni ya namna ipi kabla ya kukubaliana bei, na kumweleza vipimo vitatu alivyofanya ili asianze kwa kubadilisha betri.

Kuhusu joto, mahali lilipo ndipo penye habari. Mgongo wa simu kuwa vuguvugu ni kawaida. Betri za simu hazipaswi kuchajiwa zinapozidi nyuzi 45 za sentigredi, na simu nyingi hupunguza chaji zenyewe zinapokaribia hapo. Simu iliyowekwa chini ya paa la bati mchana wa Februari, ikiwa ndani ya kava nene na inaonyesha video, itachaji polepole hata kama kila kitu ni kizima. Kwa hiyo vipimo vifanywe jioni, kava likiwa limetolewa. Ikiwa mgongo wa simu umevimba au kioo kinaanza kuinuka, usiichaji tena na usiitoboe, betri imeharibika.

Kichwa cha chaja nacho huwa vuguvugu kikifanya kazi. Kikiwa cha moto kiasi kwamba huwezi kukishika mpaka uhesabu kumi, kikitoa harufu, kikiunguruma, au plastiki yake ikigeuka rangi, zima soketi kwanza ndipo ukichomoe, na usikitumie tena. Ndani ya kichwa kilichotengenezwa vyema kuna nafasi ya kutosha kati ya upande wa volti 230 na upande wa simu. Katika vile vya ovyo nafasi hiyo ni finyu mno, na unyevu wa pwani unaweza kuiziba, umeme wa ukutani ukafika kwenye simu iliyo mkononi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia mwezi Juni 2016 kwa kutumia namba zake za utambulisho; chaja haina namba ya namna hiyo, hivyo mnunuzi hana budi kuikagua mwenyewe. Kichwa chepesi kupita kiasi, chenye maandishi yaliyofifia au yasiyotaja `OUTPUT`, kiachwe dukani, na risiti ya kile ulichonunua itunzwe.

Limebaki jambo la soketi, ambalo wengi hulipuuza. Soketi zetu ni za matundu matatu bapa, nazo zina vifuniko vya ndani vinavyofunguka pini ya juu inapoingia. Chaja nyingi zinazouzwa zina pini mbili za mviringo. Watu huchokoa tundu la juu kwa kalamu au ufunguo ili kuziingiza, na hatari ya ufunguo haihitaji maelezo. Hata zikiingia, pini za mviringo hazishikwi sawasawa na soketi iliyotengenezwa kwa pini bapa. Hugusa na kuachia, cheche ndogo hutokea, na baada ya miezi kadhaa pini huwa nyeusi na soketi huwa ya kahawia. Chaja ya aina hiyo itumiwe na plagi ya kubadilishia yenye pini tatu bapa. Soketi ambayo imekwisha kubadilika rangi izimwe na kubadilishwa na fundi umeme, kwa sababu itaunguza pia chaja mpya itakayochomekwa humo.