Barua ya kuitisha mkutano mkuu wa AMCOS: agenda, siku, na nani anaweza kukupigia kura

Leo naacha kidogo mambo ya mbegu na viwatilifu. Kuna chama kimoja huku kwetu (jina nalihifadhi) kilikaribia kukosa pembejeo za masika, na kilichowaponza ni barua ya mwaliko tu.

Chama kina wanachama 214. Masharti yao yanasema akidi ya mkutano mkuu ni nusu ya wanachama, yaani watu 107. Ajenda nzito ya siku ile ilikuwa ukomo wa madeni, kile kiwango cha juu ambacho chama kinaweza kukopa kwa mwaka. Ukomo unapitishwa na mkutano mkuu, halafu unapelekwa kwa Mrajisi wa Vyama vya Ushirika kuidhinishwa. Bila kibali hicho benki haitoi mkopo, na bila mkopo hakuna mbolea.

Siku ya mkutano, saini kwenye daftari la mahudhurio zilikuwa 94. Wakaja na watu 16 wenye barua za uwakilishi: mtoto kaja kwa niaba ya baba, mke kwa niaba ya mume, jirani kwa niaba ya jirani. Katibu akajumlisha, akapata 110, akafurahi. Afisa ushirika akafungua masharti ya chama, akasoma kifungu kinachosema mwanachama atapiga kura mwenyewe. Barua 15 zikaondolewa. Iliyobaki ni moja tu, ya kikundi cha akina mama ambacho chenyewe ndicho mwanachama. Jumla 95. Wamepungukiwa watu 12, mkutano ukaahirishwa.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje chini ya mwembe na fimbo yake, mwanachama wa chama jirani, akaniuliza, "Sasa bwana shamba, mtu goti linamuuma, kamtuma mwanawe na barua, mnamkataaje?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu. Hatumkatai mtoto. Ila uanachama si wa familia, ni wa mtu aliyeandikwa kwenye rejista."

Kosa lilianzia wapi? Katibu, kijana mwenzenu, alichukua mfano wa barua ya kampuni, akabadilisha jina la juu. Chini ya barua ile kulikuwa na fomu ya kumteua mtu akupigie kura. Kwenye kampuni hilo ni halali: Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 inampa mwanahisa haki ya kumteua mtu mwingine ahudhurie na kupiga kura badala yake, na kwa kawaida kura zinapohesabiwa kwa karatasi zinafuata hisa. Ushirika umejengwa tofauti. Mwanachama mmoja ana kura moja, awe na hisa 5 au 500. Mngeruhusu barua, mnunuzi mmoja mwenye pesa angezunguka vijijini akusanye barua 60, na chama kingekuwa chake kabla ya saa nne asubuhi.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno "mwakilishi" kwenye mwaliko, fungua Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, kanuni zake, na masharti ya chama chenu. Kwa kawaida utakuta uwakilishi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mwanachama ambaye si mtu mmoja, mfano kikundi. Huyo lazima atume mtu, na mtu huyo aje na muhtasari wa kikao kilichomchagua, si karatasi ya mwenyekiti peke yake. Wa pili ni wa vyama vikubwa ambavyo masharti yao yanaruhusu mkutano wa wajumbe. Hapo kila kijiji au kanda inakaa kwanza, inachagua wajumbe wake, na wajumbe ndio wanaokuja. Mrithi wa mwanachama aliyefariki si mwakilishi. Anasubiri apokelewe kwanza kuwa mwanachama kwa utaratibu wa chama.

Kama mna chama cha kawaida cha wakulima, kisicho cha ushirika, angalieni katiba yenu. Ikiruhusu uwakilishi, andikeni kwenye mwaliko mambo matatu: nani anaweza kuteuliwa, mtu mmoja abebe barua ngapi, na mwisho wa kuziwasilisha kwa katibu. Barua inayotolewa mfukoni wakati kura zinahesabiwa italeta ugomvi tu.

Tuje kwenye siku. Chama kile masharti yao yanataka notisi ya siku 21. Hesabu salama ni kutoihesabu siku ya kupokea barua wala siku ya mkutano. Mkutano ukiwa Jumamosi tarehe 14 Novemba 2026, barua iwe imemfikia mwanachama wa mwisho kabla ya Ijumaa tarehe 23 Oktoba kuisha. Ukituma tarehe 26 umeshachelewa, na mtu yeyote asiyependa maamuzi anaweza kuyapinga. Ujumbe wa WhatsApp ni mzuri kukumbushia, ila ushahidi ni saini kwenye daftari la kupokelea barua na tangazo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Baada ya kuahirisha, tulikaa na katibu tukaandika upya hivi:

MWALIKO WA MKUTANO MKUU WA MWAKA
Ndugu mwanachama Na. ......, unaalikwa kwenye mkutano mkuu utakaofanyika Jumamosi tarehe 14 Novemba 2026, saa 3:00 asubuhi, ofisi ya chama.

Agenda:
1. Kufungua mkutano na kuthibitisha akidi
2. Kuthibitisha agenda
3. Kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, na yatokanayo
4. Taarifa ya Bodi
5. Taarifa ya fedha na ya ukaguzi
6. Makisio ya mapato na matumizi
7. Kujadili na kupitisha ukomo wa madeni (kiasi na kazi ya mkopo vimeambatishwa)
8. Mengineyo
9. Kufunga mkutano

Kila mwanachama atahudhuria na kupiga kura mwenyewe. Kikundi mwanachama kitatuma mtu mmoja mwenye muhtasari wa kikao kilichomchagua. Njoo na kitambulisho.

Angalia namba 7. Kiasi cha mkopo kimetajwa kwenye kiambatisho, kwa hiyo mtu ameshapiga hesabu nyumbani kwake. Jambo zito kama mkopo au kuuza kiwanja usilifiche kwenye "Mengineyo". Pale ni pa maoni, si pa maamuzi ambayo watu hawakuarifiwa. Na akidi ihesabiwe tena mkifika namba 7, maana saa saba mchana watu huanza kuondoka kuwahi gari la Mkata au Mombo. Kama watu wenu wanatoka mbali, ombeni mkutano uipitishe ajenda hiyo mapema, mara tu baada ya taarifa ya fedha.

Wale wazee waliotuma watoto? Safari ya pili Bodi ilikodi bodaboda ziwafuate majumbani, na mkutano haukupangwa siku ya gulio. Saini zikawa 131. Ukomo ukapita, na barua ya kwenda kwa Mrajisi ikaandikwa jioni ileile.

Kama mkutano wenu uko karibu, chukua masharti ya chama leo na utafute vifungu vitatu: siku za notisi, akidi, na kura. Ukikwama, nitumie picha ya kifungu chenyewe tukisome pamoja.