Kutia Ufunguo Saa ya Babu

"Ivue kwanza," Babu alisema. Mjukuu alikuwa ameshashika kifundo cha pembeni, saa ikiwa bado mkononi. Ukiizungusha hivyo, vidole husukuma kile kijiti chembamba cha ndani upande mmoja, kikalika mapema. Akaivua, akazungusha taratibu, kamani ikijikunja kwa mlio mdogo.

"Nitajuaje imejaa?"

"Itakukatalia. Ikikaza, acha, ukilazimisha unakata." Ikijaa hivyo hutembea zaidi ya siku nzima, ndiyo maana Babu huitia ufunguo kila asubuhi baada ya chai.

Taarifa ya habari ya saa mbili ilipoanza redioni, mjukuu alivuta kifundo hadi mwisho, akapeleka akrabu mbele, ile fupi kwenye 8, ndefu kwenye 12, akakirudisha. Kazi imekwisha, alidhani.

Saa sita mchana tarehe ikaruka kwenda ya kesho.

Babu alicheka. Uso wa saa una saa kumi na mbili tu, lakini gurudumu la tarehe huhesabu ishirini na nne. Kwa saa, ile mbili ya asubuhi ilikuwa mbili ya usiku. Walisubiri hadi saa nane, wakazungusha akrabu mbele mzunguko mmoja kamili. Kisha wakavuta kifundo hadi kituo cha kwanza, wakaisogeza tarehe hadi ya leo.

"Mbona hatukuanza na tarehe?"

"Saa ilidhani ni usiku wa manane. Wakati huo meno yanayogeuza tarehe huenda bado yameshikana. Ukiivuta kwa nguvu, unavunja jino."

"Na fundi wa kuipata spea yake?"

"Huyo," Babu alisema, "mtafute wewe."