Kitufe cha Asilimia Kinahesabu Nini?

Muuza vifaa vya ujenzi anataka kuweka kodi ya asilimia 18 juu ya mabati ya shilingi 100,000. Anachukua kikokotoo na kubonyeza `100000 + 18 %`. Mashine ya kwanza inampa 118,000, jibu alilolitarajia. Anapojaribu mashine nyingine, inaandika 100,000.18, kana kwamba kodi ni senti chache tu. Ya tatu inaandika 121,951 na vipande vyake. Hakuna iliyoharibika. Kila moja imefuata maagizo ya aliyeitengeneza, na maagizo hayo hayafanani.

Tukisema asilimia 18 tunamaanisha sehemu 18 katika kila 100. Lakini 100 ya kitu gani? Katika mazungumzo tunajua tunazungumzia bei ya mabati. Mashine haijui, nayo lazima iamue. Tofauti zote zinaanzia hapo.

Mashine ya kwanza, ambayo ni kama kikokotoo cha kawaida cha simu nyingi, huhifadhi namba ya mwanzo pamoja na alama uliyoibonyeza. Ukifika kwenye `%` inatazama nyuma: ikikuta alama ya kujumlisha au ya kutoa, inatafuta asilimia 18 ya namba ya mwanzo, yaani 18,000, kisha inaiongeza au kuipunguza. Kwenye nyingine utaiona hiyo 18,000 kwanza, na jumla itatokea ukibonyeza `=`.

Mashine ya pili haitazami nyuma. Kwake `%` ni kugawanya kwa 100 tu, hivyo 18 inageuka 0.18 na kujumlishwa kama ilivyo. Ndivyo zinavyofanya kalikuleta nyingi za kisayansi wanazotumia wanafunzi, na ndivyo ilivyo kwenye Excel ukiandika `=100000+18%`. Huko huna budi kuitaja bei mara mbili: `100000 + 100000 × 18%`, na kwenye Excel `=100000+100000*18%`.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu zaidi, na kwangu ndiyo yenye fikra ya kupendeza kuliko zote. Kalikuleta kadhaa za mezani za Casio zilitengenezwa zikimfikiria mfanyabiashara anayepima faida yake kwa bei ya kuuzia, si kwa bei aliyonunulia. Tuseme kitu kimemgharimu 480 naye anataka faida iwe robo ya bei atakayouza. Akibonyeza `480 + 25 %` anapata 640. Faida ni 160, na kweli 160 ni robo ya 640. Angeongeza robo ya 480 angepata 600, na faida ya 120 ingekuwa sehemu moja ya tano tu ya mauzo. Kwa hiyo mashine imegawanya 480 kwa 0.75. Kwa mpango huohuo, 100,000 ikigawanywa kwa 0.82 inatoa ile 121,951. Ni hesabu sahihi ya faida, ila muuza mabati aliuliza habari za kodi.

Kuna kosa jingine ambalo halitokani na mashine. Mteja amelipa 118,000, kodi ikiwa ndani, na muuzaji anataka kujua bei kabla ya kodi. Anabonyeza `118000 − 18 %`. Mashine ya kwanza inampa 96,760, wakati bei ilikuwa 100,000. Imetoa asilimia 18 ya 118,000, ambayo ni 21,240, ilhali kodi ilikuwa asilimia 18 ya 100,000. Tofauti ni shilingi 3,240 kwa risiti moja. Ile ya tatu inatoa 655,455 na vipande, kwa kuwa kwake kutoa kukifuatwa na `%` ni swali jingine kabisa: namba ya kwanza imeizidi ya pili kwa asilimia ngapi? Ukibonyeza `100 − 80 %` ili kujua mauzo yamepanda kiasi gani kutoka 80 hadi 100, inakujibu 25, na ni kweli.

Mimi kwa kodi nimeachana na kitufe hiki. Kuiweka, nazidisha kwa 1.18. Kuiondoa, nagawanya kwa 1.18. Njia hiyo inatoa jibu moja kwenye mashine zote tatu.

Ukitaka kuijua ya kwako, bonyeza `100 + 20 %` kisha `=` ikihitajika. Ikitoa 120, ni ya kwanza. Ikitoa 100.2, ni ya pili. Ikitoa 125 ni ya tatu, na hiyo kwa kawaida huongeza asilimia ukibonyeza `100 × 20 % +`, na kupunguza ukibonyeza `100 × 20 % −`.