Umesimamisha jimu kwa miezi miwili, mkataba wako bado unatembea

Kwa mtu wa Takaba anayefanya kazi au kusomea Garissa au Nairobi, uanachama wa jimu una shida moja ambayo mwenyeji wa mjini haioni sana: kuna wakati lazima urudi nyumbani, na ukirudi hurudi kwa wikendi. Kutoka Nairobi hadi Mandera West si safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mtu akienda kufunga Ramadhani na familia, au akiitwa kwa msiba au harusi, hukaa mwezi au miwili. Hapo ndipo anapoenda kwa mapokezi ya jimu na kuomba asimamishiwe uanachama, kile kipengele ambacho kwenye fomu kimeandikwa "Freeze". Anaambiwa sawa, analipa kitu kidogo kwa simu, anapanda basi akijua kila kitu kimesimama.

Kilichosimama ni mlango tu. Mkataba haujasimama. Malalamiko mengi kuhusu bili za jimu huanzia hapo, kwa hivyo hebu tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Viwango tulivyotumia ni vya mfano. Vya jimu yako viko kwenye fomu uliyotia sahihi, na huenda ni tofauti kabisa.

Dada mmoja anajiunga na jimu Nairobi tarehe 1 Septemba, mkataba wa miezi 12. Ada ya mwezi ni shilingi 3,500. Siku ya kujiunga analipa pia "ada ya mwaka" ya shilingi 3,000, na yeye anaichukulia kama kiingilio, kitu cha kulipa mara moja basi. Kwenye fomu imeandikwa kwamba ada hiyo hulipwa kila tarehe ya kujiunga inapofika, alimradi uanachama uko hai. Kiingilio hulipwa mara moja. Ada ya mwaka hurudi, na haihesabiwi ndani ya ile 3,500 ya kila mwezi.

Februari na Machi anaenda Takaba. Anasimamisha uanachama kwa shilingi 750 kwa mwezi, jumla 1,500. Kwa hesabu ya haraka ameokoa 5,500, kwa sababu miezi hiyo miwili ingemgharimu 7,000. Lakini mkataba ulisema miezi 12 ya kulipa. Miezi miwili iliyosimamishwa haikufutwa, ilisukumwa mbele. Mkataba uliokuwa uishe tarehe 31 Agosti sasa unaisha 31 Oktoba. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna tarehe 1 Septemba, siku ya ada ya mwaka. Bila kusimamisha, mkataba ungekuwa umeisha siku moja kabla. Sasa bado uko hai, na ile 3,000 inadaiwa tena.

Kwa hivyo mtu aliyetaka mwaka mmoja tu wa mazoezi atalipa ile miezi 12 yote, aongeze 1,500 ya kusimamisha na 3,000 ya ada ya pili. Ni 4,500 juu ya alichopangia, na hakuna mtu aliyemdanganya. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi, ila kila kimoja kwenye ukurasa wake.

Hadithi yake haijaisha. Katikati ya Juni anapata kazi Takaba. Tarehe 15 anamwambia kochi wake kwamba anahama, wanaagana vizuri, kochi anamtakia kheri. Ameacha kwenda, ameacha kulipa, akilini mwake ameshaondoka. Mwishoni mwa Julai zinaanza kuja SMS za deni. Anazipuuza wiki kadhaa, kisha tarehe 20 Agosti anaandika barua pepe kwa ofisi ya jimu kwamba alishatoka tangu Juni.

Kwa jimu, Juni hakukutokea kitu. Mkataba unataka notisi ya maandishi ya siku 30, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa notisi inapopokelewa ofisini. Kuacha kwenda si notisi. Kumwambia kochi si notisi, maana kochi mara nyingi si mtu wa ofisi, na jimu nyingine humlipa kwa kila mteja anayemfundisha. Siku 30 kutoka 20 Agosti zinafika 19 Septemba. Basi bili inakuja hivi: Julai, Agosti na Septemba, 10,500. Ada ya mwaka ya 1 Septemba, 3,000. Ada ya kuvunja mkataba kabla ya 31 Oktoba, ambayo kwenye fomu ni mwezi mmoja, 3,500. Jumla shilingi 17,000.

Angetuma notisi ile ile tarehe 15 Juni, kwa anwani iliyo kwenye mkataba, ingefika mwisho wake 15 Julai. Angelipa Julai 3,500 na ada ya kuvunja mkataba 3,500. Shilingi 7,000, na Septemba isingemkuta. Barua pepe moja ya mistari minne ilikuwa na thamani ya shilingi elfu kumi.

Angalia pia kama mkataba wako unaruhusu notisi itembee wakati umesimamisha uanachama. Baadhi ya jimu hazikubali: lazima kwanza urudi kuwa mwanachama wa kulipa ada kamili, halafu ndipo siku 30 zianze. Mtu aliye Takaba tayari, anayedhani atasimamisha kwanza na kufikiria kutoka baadaye, hicho ndicho kifungu cha kusoma kabla ya kupanda basi.

Sasa upande wa simu, ambako tunapata maswali mengi. Unapolipa jimu kwa Paybill au Till, wewe ndiye unayetuma pesa. Hata ile ombi la malipo linalotokea kwenye skrini halifanyi kitu mpaka uweke PIN yako. Jimu haiwezi kuingia kwenye akaunti yako na kuchukua ada, tofauti na ukiwapa kadi ya benki na idhini ya kukata kila mwezi. Watu husikia hivyo wakafikiri kwamba wakiacha kutuma, deni limekufa. Deni linatokana na mkataba, halitokani na njia ya kulipa. Kutotuma kunakupa nafasi ya kubishana kabla pesa haijatoka, basi.

Tofauti ni kama ulijiwekea malipo ya kujirudia, kwa mfano M-PESA Ratiba iliyoanzishwa 2024. Hiyo ni amri yako mwenyewe, na jimu ikisimamisha uanachama wako haiigusi. Mwezi wa kusimamisha ukifika, 3,500 itaenda kama kawaida badala ya 750. Iondoe wewe mwenyewe kwenye programu ya M-PESA kabla ya kusafiri. Ikishatoka, usitegemee kurudishiwa kwa kutuma ile SMS kwa 456. Njia hiyo ni ya aliyekosea kutuma. Wewe hukukosea namba, ulilipa unayemfahamu, na mzozo wa mkataba unamalizwa na jimu yenyewe.

Na tafadhali usilipe ada ya kusimamisha kwa namba binafsi ya mtu wa mapokezi, hata kama ni mtu wa kwenu. Pesa itafika, SMS utaipata, lakini kwenye vitabu vya jimu hakuna kitu. Kwenye Paybill weka namba yako ya uanachama mahali pa akaunti. SMS ya malipo inathibitisha kiasi, siku na aliyepokea, haithibitishi ulilipia nini. Kwa hivyo siku hiyo hiyo waandikie ujumbe: nimelipa 1,500, ni ya kusimamisha Februari na Machi, naomba mniandikie tarehe mpya ya mwisho wa mkataba. Hiyo tarehe mpya ndiyo swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza. Kama SMS zimefutika, taarifa ya malipo ya M-PESA unaiomba kupitia *334# au kwenye programu.

Je, sheria inasema nini? Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010, kifungu cha 56, inampa mteja haki ya kujulishwa ada zote anazokusudiwa kutozwa, ziitwe kwa jina lolote lile, na inakataza kutoza ada ambayo mteja hakujulishwa kabla. Kwa hivyo swali la kwanza kuhusu ile 3,000 ya pili haliko kwenye ukubwa wake. Ni hili: ilikuwa kwenye fomu niliyotia sahihi, au imetokea baadaye kwenye tangazo la ukutani? Kama ni ya ukutani, una kesi. Kama iko kwenye fomu, una kazi ngumu zaidi.

Kuna pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, ambayo ina sehemu inayohusu huduma za afya na mazoezi zinazolipiwa kabla. Inampa mteja siku 10 za kuvunja mkataba bila kutoa sababu, zikihesabiwa tangu apokee nakala ya maandishi. Tena inasema mkataba wa aina hiyo usizidi mwaka mmoja. Rudi kwa dada yetu: mkataba wake wa mwaka ulifika miezi 14 kwa sababu ya kusimamisha. Jimu itasema yeye ndiye aliyeomba, na huenda wakasikilizwa, lakini ni hoja halali ya kuweka mezani unapojadili zile 17,000.

Jambo moja kwa dada zetu hasa. Wengi hujiunga kwa sababu jimu ina saa za wanawake pekee, kisha baada ya miezi mitatu ratiba inabadilika na saa hizo zinapotea. Fomu nyingi zina sentensi inayosema ratiba inaweza kubadilika wakati wowote. Kabla ya kutia sahihi, omba iandikwe kwa kalamu kwamba saa hizo zikiondolewa unaweza kutoka bila ada, na meneja atie sahihi pembeni. Bila hiyo, utadaiwa ada ya kuvunja mkataba kwa jimu ambayo huwezi tena kuingia.

Mzozo ukikwama, andikia jimu kwanza na uwape siku za kujibu. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ukiambatisha fomu, taarifa ya malipo na nakala za ujumbe. Pesa ikiwa inakuuma kiasi cha kushtaki, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili.

Na kama bado hujajiunga, na unajua Ramadhani utakuwa nyumbani, uliza bei ya kulipa mwezi kwa mwezi bila mkataba. Tuseme ni 4,500 badala ya 3,500. Miezi 10 ni 45,000. Ukichukua mkataba wa miezi 12 pamoja na ada za mwaka mbili na ada ya kusimamisha, ni 49,500. Mkataba unakupa miezi miwili zaidi ya mazoezi, na kwa anayebaki mjini ndio rahisi. Kwa anayejua ataondoka Juni, miezi hiyo miwili ni ya nani?