Hasara ya foreksi si ada ya shule

Swali linarudi kila wiki: "Nimeunguza akaunti mara tatu, nivumilie muda gani ndipo nianze kupata faida?" Anayeuliza ameshaamini kwamba hasara za mwanzo ni ada ya shule na kwamba anayevumilia huhitimu. Imani hiyo inafilisi watu kuliko grafu yoyote mbaya, na ilishapimwa. Nchini Brazili, Fernando Chague na wenzake walifuatilia watu walioanza biashara ya kununua na kuuza ndani ya siku moja kwenye mikataba midogo ya faharasa ya hisa kati ya 2013 na 2015. Waliodumu zaidi ya siku 300 za soko, yaani wale wavumilivu hasa, asilimia 97 walipata hasara. Waliozidi kima cha chini cha mshahara walikuwa takriban asilimia 1, na hakukuwa na dalili kwamba siku zinavyozidi ndivyo mtu anavyojifunza.

Foreksi ya siku kwa siku nayo ni hivyo hivyo; tazama gharama ndipo utaelewa. Una dola 200, na kwa mkopo wa dalali unanunua yuro 10,000 kwa dola. Pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza likiwa pointi moja, umelipa dola 1 kabla bei haijasogea. Ukiingia mara kumi kwa siku, unalipa dola 10. Baada ya siku 20 umelipa dola 200, sawa na akaunti nzima, hata kama ubashiri wako ulikuwa nusu kwa nusu.

Utasema utabashiri vizuri zaidi. Ukifunga kila dili bei ikisogea pointi tano, juu au chini, gharama inakuachia nne unaposhinda na inakutoza sita unaposhindwa, hivyo unahitaji kupatia mara 60 kati ya 100 ili tu usipate hasara. Na mwendo wa dakika chache una kelele nyingi kuliko habari. Kisha hofu inaingia: faida ya pointi tano unaichukua haraka, hasara unaiacha ifike kumi ukingoja bei irudi. Sasa unapata nne au unapoteza kumi na moja, na unatakiwa kupatia mara 74 kati ya 100. Akaunti ya demo haikufundishi hili, kwa sababu pesa ya bandia haikukoseshi usingizi.

Wapo wanaofaulu, ndiyo. Lakini kati ya maelfu wanaobahatisha, wachache watakuwa mbele kwa bahati tu, na hao ndio wanaouza kozi.

Kama huachi, hakikisha dalali ana leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji, punguza mkopo, ingia mara chache kwa mwendo wa wiki, na andika gharama ya kila dili. Pesa ya ada na kodi ya nyumba isiguswe. Akiba iende kwenye hatifungani za serikali au mifuko ya uwekezaji wa pamoja.