Kinachonaswa na Stika ya Pua

Miongoni mwa vipodozi vinavyofika Tukuyu kwa barabara itokayo Uyole kuelekea mpaka wa Kasumulu, zipo bidhaa tatu zenye ahadi moja, yaani kuondoa vidoa vyeusi vya puani na kuacha ngozi safi hadi ndani ya vitundu vyake. Bidhaa hizo ni stika ya pua, ambayo hubandikwa na kubanduliwa, kimashine cha kunyonya chunusi, na maski nyeusi ya mkaa. Jambo linalozifanya ziaminike ni kwamba mtumiaji huona matokeo kwa macho yake, kwa sababu stika ikishabanduliwa huwa imejaa vijiti vidogo vya rangi ya kijivu au njano iliyofifia, navyo huchukuliwa kuwa ndio uchafu uliotajwa kwenye boksi. Swali la msingi, kwa hiyo, ni vijiti hivyo ni kitu gani.

Kila kitundu cha ngozi kinachoonekana puani ni mdomo wa mfereji mwembamba ambamo hutoka kinyweleo, na ubavuni mwa mfereji huo imo tezi inayotengeneza sebamu, yaani mafuta ya asili ya ngozi. Mafuta hayo hupanda juu yakiwa yamechanganyika na seli zilizokufa za ukuta wa mfereji pamoja na bakteria wanaoishi humo kwa kawaida, na mchanganyiko huo huunda uzi laini unaojaza mfereji bila kuuziba. Uzi huo si ugonjwa wala si uchafu, bali ni njia ambayo mafuta huifuata hadi juu ya ngozi, na kila mtu mzima anao. Chunusi nyeusi, ambayo matabibu huiita komedoni iliyo wazi, ni kitu kingine: ni kizibo kigumu cha seli na mafuta kilichokwama na kuupanua mdomo wa kitundu, na weusi wake hutokana na melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi yenyewe, pamoja na mafuta yaliyobadilika kwa kukutana na hewa. Ndiyo maana weusi huo hautoki kwa sabuni hata uso ukisuguliwa mara ngapi.

Mtu anaweza kuvitofautisha viwili hivyo mbele ya kioo, kwenye mwanga wa dirishani. Nyuzi za mafuta huonekana kama vidoa vidogo vilivyotawanyika kwa mpangilio unaokaribiana puani, vyote vikiwa na ukubwa unaofanana na vikiwa sawa na uso wa ngozi. Chunusi nyeusi hukaa moja moja, ni kubwa na nyeusi zaidi, huinuka kidogo, na hutokea pia kidevuni, kwenye paji la uso na hata ndani ya sikio. Sehemu kubwa ya kinachoonekana kwenye stika iliyobanduliwa ni zile nyuzi za kawaida, pamoja na vinyweleo vyembamba na tabaka la juu kabisa la seli zilizokufa.

Stika za aina hii zilianza kuuzwa na kampuni ya Kao huko Japani mwaka 1996. Katika stika za asili hiyo, gundi yake ni polima, yaani kemikali yenye molekuli ndefu mfano wa mnyororo, ambayo ina chaji chanya ya umeme na hushika ncha za nyuzi ikiwa pua imeloweshwa kwanza. Stika huachwa kwa dakika 10 hadi 15 mpaka ikauke na kukakamaa, kisha hubanduliwa taratibu kuanzia pembeni. Ahadi ya kutoa kitu kutoka kwenye vitundu, basi, ni ya kweli, na pua huonekana safi zaidi siku hiyo. Hata hivyo, tezi haiguswi na gundi, wala kasi ya kutengeneza mafuta haibadiliki, na kwa sababu hiyo nyuzi hujijaza upya kwa muda wa takriban mwezi mmoja, aghalabu chini ya huo. Ahadi ya kufunga au kupunguza vitundu haina msingi wowote, kwa kuwa vitundu havina misuli ya kuvifungua na kuvifunga, na ukubwa wake huamuliwa zaidi na urithi, umri na wingi wa mafuta. Mvuke wa maji ya moto, ambao maelekezo mengi huusisitiza, hulainisha mafuta tu.

Kimashine cha kunyonya kina hatari kubwa zaidi. Nguvu yake ya kuvuta hewa haichagui kati ya kizibo na mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi, na kikishikiliwa mahali pamoja, mishipa hiyo hupasuka na kuacha vidoa vya damu au michubuko. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani upesi, hivyo mtumiaji huendelea kuvuta akidhani hajaumia, na baada ya siku kadhaa hubaki baka jeusi. Ngozi yenye melanini nyingi hujibu karibu kila jeraha kwa kuongeza rangi mahali palipoumia, na madoa hayo huweza kudumu kwa miezi mingi. Mtu aliyetaka kuondoa kidoa kisichozidi ncha ya sindano huishia kuwa na baka la upana wa mdomo wa kimashine, na hasara hiyo ni kubwa mno ikilinganishwa na faida iliyotafutwa. Wenye chunusi zenye usaha hawapaswi kukitumia kabisa.

Maski ya mkaa hupata heshima yake hospitalini, ambako mkaa ulioamilishwa hutumika kutibu baadhi ya sumu zilizomezwa. Mkaa huo hutengenezwa kwa joto kali na mvuke au kemikali mpaka upate vitobo vidogo visivyohesabika, kiasi kwamba gramu moja huwa na eneo la mamia ya mita za mraba la kunasia molekuli. Tumboni chembe zake huelea katika majimaji na kukutana na sumu moja kwa moja, ilhali ndani ya maski zimekwisha kufunikwa na gundi au krimu, tena hukaa juu ya ngozi pasipo kuingia kwenye mfereji. Hakuna ushahidi wa kitabibu wa kutosha kwamba mkaa huo huvuta mafuta kutoka kwenye vitundu. Kazi inayoonekana hufanywa na gundi, na kwa kuwa hupakwa uso mzima, hung'oa pia vinyweleo na seli zinazolinda ngozi. Mkaa wa jikoni uliosagwa, unaopatikana kila mtaa wa Rungwe, haujaamilishwa, na chembe zake zenye ncha hukwaruza. Wanaouchanganya na gundi ya kuunganishia viatu au vyombo hujihatarisha kwa namna isiyo na kisingizio, kwa sababu gundi ya namna hiyo huweza kubanduka na ngozi.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi bidhaa zote tatu zinavyoweza kukosa lengo. Katika baridi ya Rungwe ya Juni na Julai ni kawaida kupaka mafuta mazito ya mgando kichwani na usoni. Mafuta ya nywele yakishuka hadi kwenye paji la uso kila siku, huchangia kutokea kwa vipele vidogo vingi vya rangi ya ngozi, visivyo na kichwa cheusi. Hizo ni komedoni zilizofungwa, ambazo mdomo wake umezibwa na ngozi, kwa hiyo gundi haina pa kushika na mashine haina pa kuvutia. Hatua ya kwanza ni kuyaondoa mafuta hayo kwenye paji, kuyapaka kwenye nywele tu, na kuosha uso kwa sabuni laini mara mbili kwa siku. Hatua ya pili ni dawa inayofanya kazi ndani ya mfereji: asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2, ambayo huyeyuka katika mafuta na kulegeza seli zilizogandana, au adapalini ya asilimia 0.1, ambayo huzuia vizibo vipya kuundwa. Adapalini hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, ikianzwa kwa usiku mmoja na kurukwa mmoja ili ngozi isibabuke, na haitumiwi na mjamzito. Matokeo yake huanza kupimwa baada ya wiki 8 hadi 12, na hapa ndipo stika inapoishinda dawa sokoni, kwa sababu stika huonyesha kitu ndani ya robo saa.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na boksi lisiloonyesha viambato, mtengenezaji na tarehe ya mwisho ya matumizi halifai kununuliwa. Mtu mwenye vinundu vinavyouma, makovu au madoa yanayoongezeka anahitaji kuonwa na tabibu wa ngozi, na katika hospitali za mikoani tabibu huyo mara nyingi ni mhitimu wa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC mjini Moshi, kilichoanza kufundisha miaka ya 1990 mahsusi kwa ajili ya maeneo yasiyo na madaktari bingwa.